Mlima wa Mayai Usio na Miguu

"Nipeni bei yoyote, ya saruji, ya mafuta, hata ya jeneza, na ndani ya sekunde sitini nitaieleza mpaka mama mkwe wangu aelewe." Bi Dakika aliyatamka hayo mubashara mbele ya wafuasi elfu nne, bila kujua kwamba mama mkwe mwenyewe alikuwa wa elfu nne na moja.

Jina hilo alipewa na wachangia maoni, likamganda. Kazi yake ya mkate ilikuwa kuchapa kwenye duka la fotokopi. Kwa miaka sita alikuwa amechapa ripoti za wenye digrii mpaka akazijua grafu zao kuliko wao. Saa ya mapumziko alijifungia stoo katikati ya maboksi ya karatasi, akaegemeza simu kwenye mashine mbovu ya kulaminishia, akasoma alichoandika. Programu ya simu ilimkata umbo na kumbandika mbele ya picha ya skrini: yeye chini kushoto, grafu nyuma yake. Neno ambalo muuza vocha wa nje asingelielewa alilifuta.

Jumanne ilikuwa zamu ya mayai. Alichukua grafu kwenye tovuti ya bei za sokoni, mstari wake ukipanda kutoka pembe ya chini mpaka pembe ya juu kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Akasema, "Jionee mwenyewe, yai limepaa." Video ikatazamwa mara elfu thelathini, naye siku hiyo akatembea kama yeye ndiye aliyelitaga.

Jumatano mama mkwe akapiga simu. Mama huyu ni mjane, na anaishi kwa kuku mia mbili anaowafuga nyuma ya nyumba. Hakugomba, na hapo ndipo Bi Dakika alipoingiwa na baridi. Mama alieleza tu kwamba mwenye mgahawa, anayechukua trei ishirini kila wiki, zaidi ya nusu ya mayai yote, ameonyeshwa video na mpishi wake, na sasa anayaondoa mayai kwenye menyu kabla hayajamfilisi. Kuku, aliongeza, hawajapewa taarifa, wanaendelea kutaga.

Alipotoka kazini Bi Dakika alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Trei zilikuwa zimepangwa sebuleni mpaka usawa wa dirisha. Mama mkwe aliweka simu mezani, video ikiwa imesimamishwa.

"Mwanangu, mimi shule sikukaa sana. Nionyeshe tu huu mlima umesimama wapi. Miguu yake siioni."

"Iko hapa chini, mama."

"Hapa chini upo wewe na kilemba chako."

Bi Dakika akafungua grafu ile bila yeye mwenyewe ndani yake. Pale kilemba kilipokuwa palikuwa na namba, na ya chini kabisa haikuwa sifuri. Ilikuwa mia mbili tisini na tano; ya juu, mia tatu thelathini na tano. Mlima wote ule ulikuwa safari ya yai kutoka mia tatu kwenda mia tatu thelathini. Namba zilikuwa za kweli, picha ndiyo iliyokatwa chini. Ni sawa na kumpiga mtu picha kuanzia nyusi kwenda juu, kisha ukatangaza kwamba ni paji la uso tupu.

Akaichora upya kuanzia sifuri. Mstari ukalala, ukiinua kichwa kidogo tu mwishoni. Mama mkwe akafurahi, akashauri basi waseme bei haijapanda. Bi Dakika akakataa: thelathini ni thelathini. Wakabishana juu ya maandishi mpaka chai ikapoa. Yeye aliandika "gharama za uzalishaji". Mama akauliza huyo ni nani, akaamuru iandikwe "chakula cha kuku".

Jua lilikuwa halijazama waliporekodi, yeye akiwa kulia safari hii, mbali na namba.

"Jana niliwaonyesha grafu inayoanzia mia mbili tisini na tano, na namba nikaziziba kwa kilemba. Kosa ni langu. Hii inaanzia sifuri. Yai lilikuwa mia tatu, sasa ni mia tatu thelathini. Limepanda, halijapaa. Katika ile mia tatu, mia mbili anakula kuku. Chakula chake kimepanda, ile mia mbili imekuwa mia mbili thelathini. Thelathini hiyo ndiyo mnayoiona."

Ya kwanza akaifuta. Ya pili ilitazamwa mara elfu sita tu. Watu hawapendi mlima uliolala. Lakini mmoja wa hao elfu sita alikuwa mwenye mgahawa. Ijumaa asubuhi alikuja mwenyewe na gari lake la mizigo, akasimama mlangoni akizitazama trei.

"Thelathini naiweza, mama. Mlima ndio ulinishinda." Akaomba kumi na tano kwa kuanzia, wiki ijayo ataona kama arudi kwenye ishirini. Kisha akauliza trei moja sasa ni kiasi gani.

"Mayai thelathini kwa mia tatu thelathini," mama mkwe akajibu. "Elfu tisa na mia tisa."