Salamu za Mwalimu Blandina

Mwalimu Blandina hakuwa mtu wa kuvamia neno. Barua yake iliamkia kwanza, ikauliza afya, ikauliza kazi, ndipo ikapiga hodi kwenye shida yenyewe. Adabu nzuri, nani abishe? Ila kila jambo na wakati wake.

Alifundisha darasa la jioni pale Kariakoo, la wachuuzi waliorudia kidato cha nne. Mtihani wao wa majaribio ulitungwa na umoja wa vituo vya jioni, na aliyekosa somo moja hakusajiliwa kwa mtihani wa taifa. Mwaka ule umoja ulijitia usasa: ratiba haikuletwa kwa karatasi, eti iko kwenye tovuti. Mwalimu, kwa kufuata ya mwaka jana, akawaambia wanafunzi wataanza Jumanne. Bakili, muuza vitunguu, akaaga kabisa: Jumamosi anapanda lori kwenda Ilula kufuata mzigo, kurudi Jumatatu usiku.

Ijumaa mwalimu aliingia internet kafe ya Nirali, akaifungua tovuti, akabonyeza "Ratiba ya Mtihani". Kimya. Akabonyeza tena na tena. Je, kama si Jumanne? Akamwandikia Manan, msimamizi wa tovuti, barua pepe ndefu yenye heshima zote.

Jumamosi asubuhi akakuta jibu: "Shikamoo Mwalimu. Sisi wazima, asante kwa kutujulia hali. Karibu tena kwenye tovuti yetu."

Kijana alisoma salamu akaishia hapo! Mwalimu nusura alie.

"Mwalimu, salamu ziache leo," Nirali alimwambia. "Weka kishale juu ya yale maneno "Ratiba ya Mtihani" bila kubonyeza. Unaona maandishi yanayotokea chini kabisa? Mnakilie Manan hayohayo."

Yalianza na file, yakafuatiwa na herufi C. Mwalimu aliyanakili bila kuyaelewa, akaongeza: "Ratiba haifunguki. Rekebisha sasa hivi." Akatuma huku uso ukimwaka kwa aibu, kama aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

Jibu halikukawia. "Samahani sana Mwalimu. Kiungo nilikielekeza kwenye faili lililomo ndani ya kompyuta yangu, ndiyo maana kwangu kilifunguka, kwenu hakuna. Sasa nimeipakia ratiba kwenye tovuti. Jaribu."

Akabonyeza. Ikafunguka. Mstari wa kwanza: Hisabati, Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Wengine angewapata jioni darasani. Lakini Bakili! Mwalimu alitoka mbio, mkoba wazi, akawapita watu waliomwamkia Mtaa mzima wa Msimbazi bila kumwitikia hata mmoja. Lori la Ilula lilikuwa limeshawashwa, na Bakili amekaa juu ya magunia matupu.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Shuka," alisema Mwalimu Blandina.