A Moja, Nauli Moja

Shangazi yangu, mwalimu wa darasa la pili Kibondo, alipokuja kwetu Kasulu likizo moja ya miaka ya tisini, alitangaza kwamba atarudi na mtoto mmoja tu. Nauli aliyonayo ni ya mmoja. Wiki nzima mimi na dada yangu tulikuwa na adabu ya kutisha.

Siku ya mwisho mvua ikatufungia jikoni. Shangazi akaamua tushindane kwa mchezo aliowafundishia wanafunzi wake. Alificha neno la herufi tano kichwani; sisi tulikisia kwa zamu, tukiandika kwa chaki mlangoni. Herufi iliyokaa mahali pake aliizungushia duara. Iliyomo lakini si mahali pale aliiwekea nukta. Isiyokuwemo aliikata.

Nikaanza mimi: SHAKA. Akakata S, H na K. A ya katikati akaiwekea nukta, ya mwisho akaikata.

“Shangazi umekosea,” dada akasema. “A ni A. Ama imo, ama haimo.”

“Sijakosea. Ubishi wako ndio mwingi. Andika.”

Dada alikuwa na haraka ya kwenda Kibondo, na haraka ilimponza. Alidhani mkato ule ulisema tu kwamba neno haliishii na A. Akaandika PAPAI. Shangazi akakata P zote mbili, akazungushia A ya kwanza na I ya mwisho. A ya pili akaikata.

Hapo nikaelewa, nikaona raha mpaka nikajikaza nisicheke. A iko moja tu! Zingekuwa mbili, hata kwenye SHAKA zote zingepata nukta. Moja ilipokwisha kupata alama yake, ya pili haikuwa na cha kupewa. Na sasa dada alikuwa amenionyesha mahali pake: nafasi ya pili, na mwisho I. Neno gani lilikuwa midomoni mwetu wiki nzima?

Nikaandika NAULI. Maduara matano.

 Dada alichukua kitambaa akaanza kufuta mlango, taratibu, akitupa mgongo. Ushindi wangu ukaingia mchanga.

Mama, aliyekuwa akichambua maharage, hakuinua hata uso. “Huyu mdogo si hupakatwa? Basini hawamtozi. Nauli mlipie mkubwa, ampakate.”

Shangazi alijishika kichwa, akacheka mpaka akakaa.

Kesho yake konda alipita akihesabu vichwa. Akagusa bega la shangazi, akagusa la dada, akaniruka mimi niliyekuwa juu ya magoti yake. Dada akaniinamia sikioni.

“Umeona? Mimi nina duara. Wewe umekatwa.”

Mimi, mshindi, nilifika Kibondo bila kuhesabiwa, na mikono yake imenizunguka tumboni njia nzima.