Barua Iliyomzunguka Papa Byamungu

Papa Byamungu alikuja Maniema kuchimba dhahabu. Alitoka pande za Bukavu akiwa kijana, akafika Lusangi, akachimba miezi michache, akaona kwamba wachimbaji wana shida kubwa kuliko ya dhahabu: hawana wa kuwaandikia barua. Akaacha koleo, akashika kalamu. Baadaye akaja Kasongo na mashine ya chapa imefungwa nyuma ya baiskeli, akakodi chumba karibu na soko, na mpaka leo yuko hapo. Mashine imekuwa kompyuta, na juu ya bati kuna pano ya jua ya kuleta umeme. Benchi la wateja ni lile lile, na linachana nguo.

Sidhani kuna nyumba Kasongo ambayo haijapita mikononi mwake. Maombi ya kazi, barua za posa, mashtaka ya mipaka ya shamba, matangazo ya vifo, yote huandikwa pale. Akimaliza kuchapa hukusomea alichoandika, lakini kwanza huwatoa watu wote nje. Hata mvua ikinyesha, huwatoa. Tumezoea kusimama chini ya bati lake tukinung'unika, tukijua kwamba zamu yetu ikifika wengine nao watalowa.

Sasa niseme jambo letu. Mimi ni mwandishi wa komite ya wazazi. Mwaka fulani shirika moja lilitafuta vijana wa kuingiza habari kwenye kompyuta, na binti yangu Francine, mwenye diplome yake ya serikali, alienda kufanya testi. Walimpa ukurasa mmoja aunakili. Alitafuta herufi moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, na muda uliisha akiwa bado juu ya ukurasa. Watoto wa wenzangu walirudi hivyo hivyo. Na pale sentre ya jamii kuna kompyuta sita, zawadi ya wafadhili, zimevalishwa vitambaa vilivyoshonwa vizuri sana na akina mama wa ushonaji. Huvuliwa wageni wakija.

Komite ikaamua kuiandikia sentre. Tulipendekeza masomo ya bure ya kuchapa kwa vijana, Jumamosi mchana na Jumapili baada ya ibada, kwa vikundi, kila mmoja na mashine yake. Sentre itoe chumba na moto wa umeme kwa kompyuta. Wazazi tutasafisha chumba, tutakaa mlangoni kwa zamu, na kitakachoharibika tutakilipia sisi. Mwalimu, tuliandika, "atatafutwa". Nilitunga yote kwa mkono, kwa Kifaransa, na nilijivuna.

Lakini barua ya komite haiendi ofisini kwa mkono. Lazima ichapwe. Na wa kuchapa ni Papa Byamungu, ambaye watoto wetu wote wakijua kuchapa, atabaki kumchapia nani?

Kuna wachapaji wengine Kasongo, lakini wote walijifunza kwake, na habari ingemfikia kabla wino haujakauka. Mama Pascaline, prezida wetu, akasema kwa sauti ndogo:

"Kabambare kule, hakuna mutu anamujua."

Kwa hiyo nikapanda pikipiki kwenda Kabambare. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawajapita barabara ile. Tulisukuma matopeni, tukaanguka, tukaivusha pikipiki kwenye miti iliyolazwa mtoni badala ya daraja. Nililala kwa dada wa marehemu mume wangu, nikamdanganya kwamba nimemkumbuka. Nilirudi na barua ndani ya plastiki, kiuno kikiwa si changu tena. Tukaipeleka sentre, wakaipiga muhuri wa kupokea kwenye kopi yetu, na tukapongezana kwa akili.

Mkuu wa sentre, Jean-Marie, ni mtu wa utaratibu. Aliisoma, akaitisha kikao chake, wakakubali. Akaandika jibu kwa mkono. Basi, jibu nalo lazima lichapwe, na pale sentre, kando ya kompyuta sita, hakuna mtu hata mmoja anayejua kuchapa. Akalipeleka kwa Papa Byamungu. Na ili namba na tarehe zisikosewe, akaambatanisha barua yetu.

Hilo hatukulifikiria. Wazazi wazima, na wengine wetu ni walimu.

Papa Byamungu alileta jibu mwenyewe nyumbani kwangu. Alikataa kiti. Jibu lilisema sentre inakubali, sharti mwalimu awe mtu anayejulikana Kasongo kwa kufundisha kuchapa. Maneno hayo aliyachapa yeye, na hakuna aliyejulikana kwa kazi hiyo isipokuwa yeye.

"Mama Francine, mulienda mpaka Kabambare?"

"Ndiyo, Papa."

"Na ile barabara?"

"Na ile barabara."

Alitazama uani kwangu, kwenye mihogo iliyoanikwa.

"Wakati bwana yako alikufa, ndugu zake walitaka kukufukuza mu hii nyumba. Ile mashitaka, nani aliandika?"

"Ni weye, Papa."

"Ulisikia mutu mu soko anasema maneno yako?"

"Hapana."

"Basi," akasema, akaondoka.

Nilibaki na bahasha mkononi, na aibu ilinipanda mpaka masikioni. Tulijiambia tunamhurumia. Kumbe tulimchukua kama mtu ambaye angewafungia njia watoto wetu, mtu ambaye kwa miaka yote alilinda siri zetu kuliko ndugu zetu.

Komite ilienda kwake na jogoo na mchele. Alipokea jogoo, akashukuru, akasema ana kazi nyingi. Makamu wa komite akataka tutafute mwalimu Kindu. Tukamkatalia. Mama Pascaline alirudi peke yake, akakaa benchini hadi jioni, akaambiwa arudi kesho. Siku zilipita, na Francine aliacha kuniuliza, jambo lililoniuma zaidi ya maswali yake. Walikuwa wametangaza testi nyingine.

Nikaenda mimi. Nilikaa kwenye benchi lile, nikangoja zamu kama mteja. Zamu ilipofika, akawatoa watu nje kama kawaida yake, akaweka vidole kwenye mashine.

"Sema, naandika."

"Sikuje na barua, Papa. Nimekuja kusema. Tulisikia haya. Tuliona tunakunyanganya chakula mu kinywa, na tulikosa nguvu ya kukuambia macho kwa macho. Tuliogopa utakatala kuiandika."

Aliondoa vidole. Nje walikuwa wanalalamika, kwa sababu jua lilikuwa kali.

"Ningeiandika," akasema. "Ningeiandika muzuri, bila kosa. Ningekusomea. Kiisha ungetoka, ningefunga mulango, nilie kidogo. Lakini ningeiandika, Mama Francine. Ile ndiyo kazi yangu."

Nililia mimi, mbele yake, kwa sauti, na walio nje bila shaka walisikia. Alingoja nimalize, bila kunibembeleza. Kisha akavuta kalenda iliyoning'inia ukutani, akaitazama kwa karibu.

"Siku ya posho, Jumamosi muchana," akasema, "muliandika saa ngapi?"