Wembe Kwenye Kopo la Sabuni

Kwa miezi mitatu mizima, pale Mwika nilipoolewa, nilikuwa mwanamke anayemchubua mzee wa kanisa shingo. Sijawahi kumgusa mzee huyo hata kwa kumpa mkono bila kuinama kwanza. Lakini mashati yake nilifua mimi, na shingo yake ilikuwa imejaa vipele, basi kesi ikawa imekwisha kabla sijaitwa.

Mzee huyo ni baba mkwe wangu. Kila Jumapili alisimama mbele ya usharika, akasoma matangazo, akapitisha kikapu, na kola yake ilitakiwa iwe nyeupe na ngumu. Kazi hiyo nilikabidhiwa wiki ya kwanza baada ya harusi. Nilifua, nikatia bluu, nikatia wanga, nikapiga pasi ya mkaa huku nikiuzuia moshi usije ukagusa kitambaa. Nilijivunia kola zile, na sioni haya kusema hivyo.

Sabuni niliyotumia ilitoka kwetu Tarakea. Mama yangu aliuza sabuni pale mpakani, ya miche na ya unga, tangu biashara ilipofunguliwa na watu wakaacha kujificha vichakani na mizigo. Kila nilipokwenda kumsalimia alinifungia miche kadhaa kwenye gazeti. Mwanzoni mama mkwe aliisifu. Ilitoa povu, ilinukia, na nguo zilikauka bila kunuka ubichi, jambo ambalo kule juu msimu wa mvua si dogo.

Mvua za vuli zilipoanza, shingo ya Baba ikawa nyekundu. Kisha vikaja vipele kuanzia mashavuni hadi chini ya koo, vingine vikiwa na usaha kichwani. Mama mkwe akaitazama shingo, akaitazama kola, akanitazama mimi.

"Hiyo sabuni yenu ya Tarakea ina dawa gani?" akaniuliza.

"Ni sabuni ileile, Mama. Ndiyo tunaogea sote."

"Sisi hatuvai kola."

Nilibadili. Nilisuuza mara tatu, kisha mara tano, vidole vikafa ganzi kwa maji ya mfereji yanayoshuka kutoka mlimani. Niliacha wanga. Niliacha bluu. Nikafua kwa sabuni ya dukani kwa wiki mbili, na vipele vikabaki palepale. Je, kuna aliyesema basi, huyu mtoto wa watu hana kosa? Hakuna. Ikasemwa kwamba sumu imeshaingia kwenye kitambaa.

Zahanati walimpa Baba dawa ya kupaka na kumwambia asinyoe kwa wiki mbili. Ndevu zikaota, nyeupe, na shingo ikapoa. Mashati alivaa yaleyale, nikiyafua kwa sabuni ya mama yangu, maana ya dukani ilikuwa imekwisha. Wiki mbili zilipotimia akanyoa Jumamosi, na Jumapili asubuhi shingo ilikuwa imewaka tena. Hapo ndipo nilipoanza kutumia macho.

Baba alinyolea uani, amekaa kwenye kigoda, kioo kidogo kimening'inizwa kwenye msumari wa nguzo ya jiko. Mimi nilikuwa bombani na karai langu. Mkwe hamkodolei macho baba mkwe akinyoa, kwa hiyo nilitazama kwa kuibia. Niliona kwamba alikuwa anapita sehemu moja mara nne, mara tano, na kila akipita alikunja uso. Alikandamiza. Wembe ulikuwa unang'oa, si kunyoa. Nikaona na jambo jingine: kola inagusa shingo nzima, hata kisogoni, lakini kisogo chake kilikuwa laini kabisa. Vipele viliishia pale wembe ulipoishia.

Na wembe wenyewe niliijua historia yake. Shemeji yangu mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, aliuleta Krismasi iliyopita: mpini mzuri wenye kung'aa, kichwa kimoja kimeshavikwa, na vichwa vinne vya akiba kwenye pakiti. Tulipokezana kuutazama kama saa ya mkononi. Watu hawa wawili, Baba na Mama, walikuwa wametoka kwenye miaka ambayo wembe mmoja wa kawaida ulisuguliwa ndani ya glasi ili upate uhai wa wiki nyingine. Sasa maduka ya Moshi yamejaa, lakini hofu ya kukosa haikuwa imewatoka. Mama alichukua vile vichwa vinne akavifungia kwenye sanduku lake, chini ya vitenge, ufunguo ukabaki kwenye kamba kiunoni.

"Hicho kikiisha nitakutolea kingine," alimwambia mumewe. Nilikuwepo.

Kichwa cha wembe hakiishi kama sabuni inavyoisha, mpaka ukaona kimebaki kipande. Kinabaki na umbo lake lilelile huku makali yameondoka. Wao walisubiri kiishe. Mwaka mzima walisubiri.

Baya zaidi lilikuwa kopo. Kila Baba alipomaliza, Mama aliutikisa wembe kidogo, akaufunga kwenye kipande cha flana alichokichovya maji, akautia ndani ya kopo la sabuni na kufunika. Aliamini chuma kikikauka kinapoteza makali, kama kamba ya mgomba inavyokauka ikakatika. Alifanya hivyo kwa mapenzi, nakubali. Lakini kwa ukungu ule wa vuli, flana ile haikukauka hata siku moja.

Sikutaka kusema jambo nisilo na hakika nalo, nikaliweka moyoni. Siku ya soko nilikwenda na miche kumi ya mama yangu, kwa mwanamke aliyekuwa akiiuza kwa niaba yetu. Alinirudishia. Alisema wateja wamesikia kwamba sabuni ya Tarakea inababua, na aliyewaambia ni mtu mzito, mke wa mzee wa kanisa. Nilisimama pale na mzigo wangu, hasira imenipanda. Kumbe si mimi tu niliyekuwa kizimbani. Mama yangu naye alikuwa anahukumiwa, bila hata kujua kuna shingo ya mtu huku.

Kinyozi mwenye kibanda jirani alikuwa amesikia yote.

"Vipele viko wapi hasa, dada?" akauliza.

Nikamwonyesha kwenye shingo yangu. Akauliza mzee ananyolea nini, na huo wembe una muda gani. Nilipomwambia aliguna.

"Mwaka? Mimi mteja mmoja, wembe mmoja, natupa. Nyumbani mtu akiwa peke yake, hicho kichwa akinyolee mara tano, sita, saba kama ndevu si ngumu. Na asihesabu tu, asikilize. Siku kikianza kuvuta, kimekufa. Kikiwa butu unakandamiza, unarudia, unakwangua ngozi, na nywele inakatika vibaya inajikunja inaingia ndani. Ndiyo hivyo vipele."

Nikamweleza habari za flana. Akaacha kuguna, akaweka mkasi chini.

"Hapo wanafuga uchafu. Maji yanakula makali, hata kama chuma ni kizuri, halafu vijidudu vinazaliana humo, akijikata kidogo tu vinaingia. Wembe unasuuzwa mpaka povu na nywele vitoke, unakung'utwa, unatundikwa penye hewa. Usiufute makali kwa kitambaa, wala usiufunike na majimaji."

Nilirudi nyumbani nina jibu, lakini sina mdomo wa kulitolea. Mkwe hawezi kumwambia baba mkwe habari za ndevu zake. Ni mwili wake ule. Mwenye mdomo alikuwa mume wangu, aliyefanya kazi Moshi mjini na kupanda nyumbani kila Jumamosi. Nikamweleza yote, kisogo, flana, sanduku, na habari za mzigo wa mama yangu kurudishwa.

"Nitamwambia," alisema.

Jumamosi iliyofuata nikamwuliza. "Nitamwambia, tulia." Nyingine akasema Baba amechoka. Nyingine akasema tungoje Krismasi, wote watakuwepo, litazungumzwa vizuri. Nikangoja. Nilifua kola na kungoja.

Krismasi wakaja wote, kutoka Dar, kutoka Arusha. Mbuzi akachinjwa, mtori wa ndizi na nyama ukapikwa, meza ikapangwa. Tulipokuwa katikati ya kula, Mama mkwe akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba kuanzia siku hiyo mashati ya Baba yatakuwa yanakwenda Moshi kwa mke wa shemeji yangu wa pili, "maana yeye anatumia sabuni za kueleweka."

Kila mtu akaangalia sahani yake. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anachokonoa uboho kwenye mfupa.

Nikainuka. Sikumbuki nilivyofika jikoni. Nilichukua kopo, nikarudi nalo, nikaliweka mezani kati ya mtori na nyama, nikalifunua. Harufu ilitoka kabla ya wembe. Flana ilikuwa na madoa ya kahawia, na kwenye meno ya kichwa kulikuwa na utando mweupe wa sabuni na nywele zilizogandamana.

"Shikamoo Baba, unisamehe," nilisema. "Sabuni ya mama yangu haijawahi kukugusa kidevuni. Hiki ndicho kinachokugusa."

Shemeji wa Dar akakishika kwa vidole viwili. "Hiki ni kile cha mwaka jana? Na vile vinne?"

Macho yote yakaenda kiunoni kwa Mama, kwenye kamba ya ufunguo. Mama mkwe akaufunika ufunguo kwa kiganja, uso ameuinamisha. Nakiri nilifurahi. Nilitaka akae vile kwa muda, hata dakika tatu tu, badala ya miezi mitatu yangu.

Baba akaweka kijiko chini.

"Ni mimi," akasema. "Mimi nilimkataza asivitoe. Na hiyo flana huwa naifunga mwenyewe. Mama yenu hahusiki."

Ulikuwa uongo mtupu. Nilikuwa bombani kila Jumamosi, nimeona mikono ya nani inachovya flana. Wote mezani walijua pia. Lakini mzee wa kanisa alisema, na Mama akavuta pumzi, na mtori ukaendelea kuliwa.

Jioni Mama alifungua sanduku, akatoa pakiti. Wembe ukaanza kutundikwa kwenye msumari wa kioo, penye upepo, na kichwa kikabadilishwa kilipoanza kuvuta. Januari ilipokwisha shingo ya Baba ilikuwa laini. Mashati yalirudi kwangu bila maneno, nikayafua kwa sabuni ileile. Mama mkwe hakwenda sokoni kusema lolote. Aliniambia tu siku moja, "Ukienda kwenu, niletee miche miwili."

Lakini siku ile ya Krismasi, tuliposhuka na mume wangu kuwasindikiza wageni barabarani, aliniambia, ametabasamu, "Umeona? Baba amesema mwenyewe, yamekwisha."

"Baba yako amesema uongo," nilimjibu. "Mzee wa kanisa, siku ya Krismasi, mbele ya watoto wake wote, amesema uongo ili mke wake asiaibike. Hakufikiri hata mara mbili. Wewe ulikuwa na ukweli, na Jumamosi baada ya Jumamosi ulishindwa kuusema kwa ajili yangu."

Tulipanda kurudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, na kesho yake niliamka nikafua kola.