Onyo la Mama Makochi

Mama Makochi hajawahi kupokea arubuni. Dukani kwake mteja hukalia kochi kwanza, ndipo alipe. Bibi harusi mmoja alipokuja kudai kochi alilolipia nusu mtandaoni, Mama aliomba aonyeshwe tangazo. Jina la duka ni lake, picha ni zake, lakini namba ya simu si yake!

Akaandika kwa hasira, akaweka kwenye ukurasa wa duka: "Wateja wangu, matapeli wanatumia jina langu. Msitume hata senti!"

Hata hajakaa vizuri, wifi yake akapiga simu. "Pole wifi, nimeliona onyo lako. Nimeshatuma arubuni ya kochi langu kwenye hiyo namba mpya."

"Namba gani? Mimi sikuandika namba!"

Matapeli walilinakili onyo lenyewe, wakaongeza chini: "Namba halali ni hii."