Mkono wa Mama Jembe na Ndoo ya Kumi na Saba

Kwenye kituo cha utafiti wa mazao tulimwita Mama Jembe, lakini jembe alilishika mara chache. Alipalilia kwa mkono. Ukianza naye mstari mmoja wa maharage, wewe ukifika katikati yeye ameshamaliza, amekunywa maji, na anakuuliza kama unaumwa.

Alikuwa kibarua kwa miaka kumi na tisa. Msimu huo ndipo alipoahidiwa ajira ya kudumu, mradi jaribio la nyumba ya vioo liishe salama. Mimi nilikuwa msaidizi wake, na mwanangu wa miezi saba mgongoni.

Jaribio lilikuwa la Daktari wa Magugu, dada mmoja mpole mwenye miwani. Ndoo ishirini na tano, na kila ndoo mimea minane, isizidi, isipungue. Ndoo nyingine maharage manane matupu. Nyingine maharage sita na miche miwili ya mchicha pori, nyingine nne kwa nne, nyingine mawili kwa sita, na nyingine mchicha pori mtupu. Kila mchanganyiko ulirudiwa mara tano.

"Kama nguvu zao ni sawa," alitueleza, "maharage manne yatatoa nusu ya uzito wa yale manane. Yakitoa chini ya nusu, mchicha pori umeyaonea. Kwa hiyo magugu haya ni mimea yangu. Yanywe maji kama maharage. Atakayeng'oa hata moja, asirudi kesho."

Mama Jembe aliitikia. Tulipotoka aliniambia, "Mwanangu, leo nimeagizwa kumnywesha adui yangu."

Akamnywesha. Wiki nne alipima maji kwa kikombe, na kila mche wa mchicha pori aliuangalia kama mtu anayemwangalia mkwe asiyempenda.

Siku kosa lilipotokea, mwanangu alikuwa analia. Mama Jembe alimgeukia akamfanyia midomo ya samaki, mtoto akacheka. Mkono wa kulia, ambao haukuwa unaangaliwa na mtu, ukaingia ndoo ya kumi na saba, nne kwa nne, ukatoka na mchicha pori.

Tukautazama. Mzizi ulikuwa umekatikia chini.

"Mama," nikasema, "pale mtaroni iko tele. Tupande mwingine, nani atajua?"

Alikwenda, akachagua unaolingana, akaupanda vizuri, akaumwagilia. Ukihesabu, minane. Mimi nikashusha pumzi. Yeye akabaki amechuchumaa.

"Huyu mgeni," akasema. "Wenzake wamenyang'anyana maji na mbolea wiki nne. Yeye hata kuamka hajaamka. Maharage ya hapa yatapumua kuliko ya ndoo nyingine, halafu mizani itasema maharage yana nguvu."

"Kwa ndoo moja?"

"Ndoo haijui kama iko peke yake."

Akavua buti za kituo, akaziosha bombani, akaelekea ofisini pekupeku. Nikamfuata na mtoto wangu.

Daktari alikuwa anakula karanga. Mama Jembe akaziweka buti mezani, karibu na karanga.

"Nimeng'oa mmoja, ndoo ya kumi na saba. Nikapanda mwingine kukuficha. Ulisema asirudi, nimekuja kukabidhi."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Umeng'oa mingapi?"

"Mmoja."

"Kwa nini?"

"Sijui. Mkono ulikuwa kazini."

Daktari akafungua daftari, akapiga mstari juu ya kumi na saba. "Nimepanda tano tano kwa sababu vitu huharibika. Nne zimebaki, zinatosha. Ungenyamaza, hiyo moja ingenidanganya na ningeiamini." Akasogeza sahani. "Toa buti mezani, Mama. Zivae."

"Ulisema asirudi."

"Nilisema kesho. Leo bado hujamaliza kumwagilia."

Kesho yake alirudi, na hakuna aliyemuuliza.

Siku ya kuvuna tulikata kila mmea, maharage kwenye mifuko yake na mchicha pori kwenye yake, tukakausha kwenye tanuri mpaka uzito ukaacha kushuka. Maharage manane yalitoa gramu themanini. Kwenye nne kwa nne hayakufika arobaini. Yalitoa ishirini na tano. Mchicha pori mtupu ulitoa mia na ishirini, na nusu yake haikutoa sitini, ilitoa themanini.

Mama Jembe aliisoma mizani mara mbili. "Kumbe sikuwa namwonea."

Wiki iliyofuata karani wa ajira alimwita, akachukua kalamu, akamuuliza kazi yake hasa ni nini, ili aijaze kwenye fomu.

Mama Jembe akafikiri.

"Andika, napalilia pale nilipoambiwa."