Betri Mbili za Lori Dogo

Wateja walimwita Mama Waya, na siku nyingine alikuwa amechoka hata kuitika. Huu ulikuwa mwaka wa ishirini na tatu tangu aanze kufunga taa za malori, kumi na moja akiwa na mume wake na kumi na miwili akiwa peke yake, baada ya marehemu kumwachia kibanda cha mabati kando ya yadi, koleo mbili, mita ya kupimia umeme na mama mzazi. Mama huyo, mkwe wake, sasa alikuwa hainuki kitandani. Kila alfajiri Mama Waya alimwinua, akamgeuza, akamwosha, akamlaza tena, kisha akaja kazini kuinama chini ya malori. Mgongo wake haukujua tena ni mzigo upi ulioanza kuuumiza.

Lakini kazi aliijua, na asiyeamini alikuwa anajitakia aibu. Kuna dereva mmoja aliyekuja na balbu aliyoitoa kwenye gari dogo la shemeji yake, akitaka ifungwe kwenye lori lake kubwa.

"Ni saizi ile ile, mama. Inaingia vizuri tu."

"Hata mguu wako unaingia kwenye kiatu cha mwenzio," alimwambia. "Hiyo ni ya volti kumi na mbili. Lori lako lina ishirini na nne."

Dereva akashikilia. Mama Waya hakuwa na nguvu za kubishana, akaifunga, akawasha. Balbu ilitoa mwanga mweupe wa kuumiza macho, ikazima papo hapo, kioo kikabaki cheusi ndani. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, kwa kuwa ilimbidi kuichomoa ingali ya moto.

Fyuzi nazo alizichunga kuliko alivyochunga sahani zake. Kwa taa za nguvu ile ile, aliwaeleza madereva, lori la volti ishirini na nne linahitaji nusu tu ya mkondo unaohitajiwa na gari la kumi na mbili. Kwa hiyo waya wake huwa mwembamba na fyuzi yake ndogo. Ukichukua fyuzi ya ampia ishirini kwenye gari dogo ukaipachika mahali pa fyuzi ya ampia kumi kwenye lori, itaingia, na taa zitawaka, nawe utajiona fundi. Siku nyaya zikigusana, fyuzi itakaa inatazama bila kukatika huku waya unaungua. Aliwahi kuona kabini iliyoteketea hivyo, na harufu yake haikumtoka puani kwa wiki nzima.

Na kulikuwa na jambo moja alilolirudia mpaka madereva wakawa wanalimalizia wao: "Usihesabu betri. Fuata waya." Betri ya gari ni ya volti kumi na mbili. Lori kubwa lina mbili, chanya ya moja imefungwa kwenye hasi ya nyingine, ndipo unapata ishirini na nne. Lakini yapo malori madogo yenye betri mbili zilizofungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili kupata nguvu zaidi ya kuwashia injini. Hayo yanabaki kumi na mbili, hata ukiziangalia betri zake mpaka kesho.

Tajiri, mwenye malori saba, ndiye aliyekuwa tegemeo la kibanda hicho. Sita kati ya malori yake yalikuwa makubwa. La saba lilikuwa dogo, limenunuliwa karibuni, na likakabidhiwa dereva aliyeitwa Polepole. Polepole alikuwa rafiki wa marehemu, walioa mwaka mmoja. Miaka kumi na tisa barabarani hajagongwa wala kugonga, na wenzake walimtania kwamba hata konokono humpigia honi. Yeye na Mama Waya waliitana shemeji.

Jumatatu moja jioni Polepole alileta lori dogo, taa za breki zote mbili zimekufa. Usiku uliotangulia mkwe alikuwa amesumbuka sana na Mama Waya hakupata usingizi. Kisanduku cha betri kilikuwa chini, ubavuni mwa lori. Aliinama nusu, akaingiza mkono, akapapasa betri ya kwanza, akapapasa ya pili. Mgongo ukamchoma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini jioni ile hakuinama. Alinyooka, akaenda kwenye kopo kubwa la maziwa alimoweka balbu za ishirini na nne, akachukua mbili, akafunga.

"Kanyaga, shemeji!"

Polepole akakanyaga breki. "Zinawaka?"

Chini ya kivuli cha bati zilionekana nyekundu, zimefifia kidogo. Vioo vyake vichafu, alijisemea. "Zinawaka!"

Polepole hakuteremka kutazama. Kwa nini ateremke, naye ameambiwa na Mama Waya?

Siku ya nne, saa saba mchana, jua la utosini, Polepole alisimama kuwapisha watoto wa shule. Gari dogo lililokuwa nyuma yake halikusimama. Aliyekuwa akiliendesha, mwalimu, alivunjika mtulinga. Askari alimwamuru Polepole akanyage breki, akasimama nyuma ya lori, akasema haoni taa yoyote.

Kesho yake asubuhi lori lilikuwa mbele ya kibanda, bampa limepinda, kioo cha taa ya kulia kimevunjika. Tajiri alikuwa amesimama na funguo mkononi, na Polepole amejikunyata kando ya tairi.

"Kwangu sheria ni moja," Tajiri alisema. "Taa ikizimika njiani ni kosa la dereva. Nimemwambia arudishe sare leo. Wewe nitengenezee tu, lipate dereva mwingine."

"Nilikagua, bosi," Polepole alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema hilo mara nyingi. "Kila alfajiri narudisha lori ukutani, nakanyaga, naona wekundu ukutani. Shemeji, si uliziona mwenyewe?"

Mama Waya akaenda kwenye kisanduku cha fyuzi. Alianza pale fundi anapoanzia. Alichomoa fyuzi ya breki, akaitazama dhidi ya mwanga: nzima. Basi umeme unafika. Alimwambia Polepole akanyage, akaenda nyuma. Taa ya kushoto, ambayo haikuguswa na ajali, ilikuwa na kiwekundu kidogo mno, mfano wa kaa linalokaribia kuwa jivu. Alfajiri ungekiona. Juani ilibidi ukinge kwa kiganja ndipo ukione.

Alichukua mita, na safari hii alipiga magoti, akalala kabisa kwenye vumbi, akaingiza kichwa kwenye kisanduku cha betri. Akafuata waya mnene kwa kidole. Chanya, chanya. Hasi, hasi. Mita ikasoma kumi na mbili nukta nne. Alibaki pale chini, na kwa muda alitamani asiinuke. Balbu ya ishirini na nne kwenye umeme wa kumi na mbili haiungui wala haizimi. Inawaka kama taa ndogo ya usiku tu, na mtu aliye nyuma hajui kwamba umeshika breki.

Mganga hajigangi. Miaka yote hiyo amewaimbia watu, kisha yeye ndiye aliyehesabu betri.

Alijua pia kwamba mlango wa kutorokea upo. Waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ukiingia kutu, taa hufifia vivyo hivyo. Angesema kutu, angekwangua kidogo, angebadilisha balbu kimyakimya, na hakuna ambaye angemhoji. Lakini kutu ni kosa la dereva. Polepole angerudisha sare, na katika umri wake nani angemwajiri dereva aliyegongwa kwa kukosa taa za breki? Na malori saba yangebaki hapa. Mkwe angepata dawa zake. Alifikiria hayo yote akiwa amelala chali, na aliyafikiria kwa uzito, nisikufiche.

Kisha akatoka, akajipangusa, akachomoa balbu ya kushoto, akamkabidhi Tajiri.

"Soma hapo kitakoni."

Tajiri aliisogeza machoni. "Ishirini na nne."

"Lori lako ni kumi na mbili. Nilifunga mimi, Jumatatu, kwa mikono yangu. Niligusa betri mbili nikaona inatosha, sikufuata waya. Dereva wako hana kosa. Alikagua, na alichokiona kilikuwa kinawaka. Mwite huyo askari nimwambie na yeye."

Polepole alimtazama kwanza kwa shukrani, halafu shukrani ile ikapungua usoni pake, maana sasa alikuwa ameelewa ni mikono ya nani iliyomfikisha pale.

"Mama Waya," Tajiri alisema taratibu, "mimi watu huniuliza kwa nini nayapeleka malori yangu kwa mwanamke. Huwa nawajibu, huyu hakosei."

"Basi sasa nimekosa."

"Kuna mtu amevunjika."

"Najua. Nitakwenda kumwona leo."

Tajiri akamrudishia Polepole funguo. "Akimaliza hili, yale mengine msiyalete tena hapa." Akaondoka bila kuaga. Mama Waya hakumchukia. Angekuwa yeye, angefanya vilevile, labda na matusi juu.

Alichukua kopo dogo la kahawa, lenye balbu za kumi na mbili, akatoa mbili. Kabla ya kuzifunga alizisoma kitakoni, moja moja, kwa sauti. Alizigusisha kwenye betri moja iliyokuwa mezani, zikawaka nyeupe kweli. Akazifunga, kisha akalifunika lile pengo la kulia kwa kipande cha plastiki nyekundu, kimfikishe Polepole kwa muuza vioo. Kwa mara ya kwanza maishani alimwomba mteja samahani kwa kuchelewa.

"Kanyaga, shemeji."

Alirudi nyuma hatua thelathini, mpaka nje kabisa kwenye jua. Taa ziliwaka nyekundu kali, hata mtoto angeziona.

"Zinawaka?" Polepole aliuliza kutoka kabini.

"Zinawaka."

Alisubiri kusikia injini. Haikuunguruma. Mlango wa kabini ulifunguka, na Polepole akashuka, akachukua ubao uliokuwa ukutani, akaubana kati ya kiti na pedali ya breki. Kisha akazunguka lori taratibu, akaja kusimama kando yake juani, akatazama taa ya kushoto, akatazama ya kulia.

"Kweli, zinawaka," alisema, akitazama chini.

Akarudi kuutoa ubao. Mama Waya akamshikia mlango.